Mtama hauna gluteni, lakini mashine inayo

Mtu akitoka hospitali ya rufaa na karatasi inayosema ana seliaki, na kwao ni Handeni au Korogwe, ushauri unaanza kumfikia kabla hajashuka kwenye basi. Huyu atamwambia ni ugonjwa wa kigeni, asijisumbue. Yule atamwambia ale ugali wa mtama, basi kazi imekwisha. Mwingine atamkabidhi kiroba cha makopa, kwa kuwa muhogo haujamdhuru mtu. Katika kila neno pana chembe ya ukweli, na ndiyo inayofanya liaminike. Nitayajibu moja moja, na pale penye hatari nitakaa zaidi.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya baridi iitwayo rai. Mtu mwenye seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula huliwa mpaka utumbo unakuwa laini, na hapo chakula kinapita bila mwili kufaidika. Mtoto hudumaa, mtu mzima huharisha kwa miezi au huishiwa damu isiyopanda hata akimeza vidonge vya madini ya chuma. Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

“Huo ni ugonjwa wa Wazungu”

Wanaosema hivi wanasahau kwamba kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuandikwa duniani kilikutwa Afrika. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kupima watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria, wakakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana seliaki. Watu hao walikuwa wameingia kwenye mlo wa ngano nyingi baada ya kuacha maisha yao ya kuhamahama na mifugo. Kwetu ugonjwa huu hauonekani sana, na sababu moja iliyo wazi ni kwamba hautafutwi: mtoto anayeharisha na kukonda Handeni atapimwa minyoo, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI kwanza, na ni sawa kabisa apimwe hivyo, maana hayo ndiyo ya kawaida.

Lakini kosa la upande wa pili nalo lipo, na linakuja kwa kasi kupitia simu. Mtu mwenye kiungulia au kisukari anasikia gluteni ni sumu, anaacha ngano, anajiona mwepesi, anatangaza amepona. Asiye na seliaki wala tatizo lingine linaloletwa na ngano hana sababu ya kuiacha. Na mwenye shaka ya kweli asiiache kabla ya kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya utumbo wake wenyewe, na kipimo cha kinyama cha utumbo kinaangalia vile vinyweleo. Ukiacha ngano kwa miezi kadhaa, askari wanapungua, vinyweleo vinaanza kuota, na daktari ataona mtu mzima asiye na tatizo. Karatasi itasema huna ugonjwa, nawe unao.

“Unga wa nafaka za kienyeji hauna gluteni, kwa hiyo uko salama”

Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, muhogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi havina gluteni hata kidogo. Nyumba ya Kizigua au Kisambaa inaweza kupika mwezi mzima bila kugusa ngano. Ugali, wali, makande, bada la muhogo, futari ya magimbi kwa nazi: vyote vimo. Wazigua walikula mtama zamani sana kabla mahindi hayajatawala mashamba, na mpaka leo mtama huvumilia ukame unaoyakausha mahindi, ingawa kwelea kwelea na kiduha vinamkatisha mkulima tamaa.

Ile “kwa hiyo” ndiyo yenye kasoro, kwa sababu hakuna anayekula nafaka nzima. Inapita kwanza kwenye gunia, halafu kwenye mashine ya kusaga, halafu kwenye sufuria au karai la mafuta.

Tuanze na mashine. Miaka hii kila mtaa una mama anayetengeneza unga wa lishe, na mchanganyiko wa wengi una mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga na ngano nzima. Anaupeleka Chanika au Manundu kwenye mashine ileile inayosaga dona la watu wote. Mashine ya nyundo haimalizi unga. Unabaki kwenye pembe za chumba cha nyundo, kwenye matundu ya chekeche na ndani ya ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Anayefuata anaondoka nao.

Sasa tupige hesabu. Unga wa ngano una gluteni kama asilimia 8 ya uzito wake. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina uzito wa gramu 3 hivi, kwa hiyo kina gluteni ya miligramu 240. Kanuni za kimataifa za chakula zinaruhusu kitu kiitwe hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 katika kilo. Basi kijiko kimoja cha chai kikibaki kwenye mashine na kuingia kwenye kilo moja ya ulezi wako, umezidisha kiwango mara 12. Mtoto akila gramu 200 za unga huo kwa siku, amekula karibu miligramu 50 za gluteni. Kiasi hicho hicho ndicho kilichojaribiwa katika utafiti wa Italia uliochapishwa 2007: wagonjwa waliokuwa wamepata nafuu walipewa miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo wao ukaanza kuharibika tena.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kitu ambacho wengi hawakifikirii. Kijiko kilekile kikiingia kwenye debe zima la mahindi la kilo 17, kinakuwa miligramu 14 kwa kilo, yaani chini ya kikomo. Anayeumia zaidi ni yule anayepeleka kilo mbili za ulezi wa uji wa mtoto, na wengi hufanya hivyo kwa sababu ulezi ni ghali na unasagwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa masalia hutoka mwanzoni, kilo za kwanza ndizo chafu kuliko za mwisho.

Kwa hiyo mpango unaofaa ni huu. Nunua nafaka nzima, uichague kwenye ungo, maana punje za ngano huonekana kwa macho: ni ndefu na zina mfereji katikati. Ioshe na kuianika. Ngoja uwe na debe zima la ugali na kilo kadhaa za ulezi au uwele, uende asubuhi mashine ikifunguliwa, siku ambayo jana yake haukusagwa unga wa lishe. Muombe mwenye mashine afungue na kufagia chumba cha nyundo, akung'ute chekeche, na akufungie mfuko wako mwenyewe wa kupokelea unga. Halafu tanguliza kilo tatu au nne za mahindi ya bei rahisi. Unga wake ni wa kuku, au wa watu wa nyumbani wasio na tatizo. Fuatisha debe la mahindi, na ulezi wa mtoto uwe wa mwisho. Wenye mashine wengi hawakatai ukiwalipa kwa zile kilo za kusafishia. Wanachokataa ni kucheleweshewa foleni, ndiyo maana nasema asubuhi.

Ulezi wa uji kwa nyumba ya watu wachache unaweza pia kutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Ni kazi, lakini kinu hakijui ngano, isipokuwa jirani amekiazima.

Gunia nalo liangaliwe. Viroba vilivyobeba unga wa ngano vinauzwa tena sokoni kwa bei ya chini, na ndivyo vinavyowekewa mtama na makopa. Vumbi jeupe kwenye mshono wa ndani si la mtama. Na karai la mafuta barabarani, pale Segera au Mombo basi likisimama, limekaangia maandazi na sambusa tangu alfajiri kabla ya muhogo wako kutumbukizwa. Muhogo wa kuchoma juu ya mkaa ni salama zaidi, au yai la kuchemsha na ndizi.

“Kidogo hakidhuru, mbona amenenepa?”

Amenenepa kwa sababu ameacha. Baada ya miezi michache ya mlo safi utumbo hupona kiasi cha mtu kuhisi mzima, na wakati huo ndipo bibi anapompa andazi moja la Idi. Huenda asiharishe siku hiyo. Lakini jeraha la seliaki halipimwi kwa kuharisha, na damu inaweza kuonyesha askari wamerudi wakati mtoto anacheza mpira. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha damu kirudiwe. Kisiposhuka baada ya mwaka, kuna mahali gluteni inaingia. Nyumba nyingi hujilaumu kwa andazi la Idi na kusahau uji wa kila asubuhi.

“Muhogo ni chakula cha babu zetu, hauna masharti”

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa kuwa mtu aliyekatazwa ngano hukimbilia muhogo, na anaweza kuhama tatizo moja akaingia kwenye jingine lisilotibika.

Mzizi wa muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Ukikatwa au kusagika, kimeng'enya kilichomo humohumo hukutana na linamarini na kutoa sianidi, ambayo ni sumu inayoruka hewani. Usindikaji wote wa muhogo, tangu kwa mababu, una lengo moja: kuwakutanisha wawili hao mapema, ili sumu iruke kabla ya chakula kufika mdomoni. Muhogo mtamu una kidogo, na kuumenya na kuuchemsha kwenye maji mengi kunatosha. Muhogo mchungu una nyingi. Ukimenywa, ukapasuliwa vipande vinene na kuanikwa juani moja kwa moja, unakauka haraka mno. Kimeng'enya hakijapata nafasi, na sumu inabaki imefungwa ndani ya makopa yanayopendeza kwa weupe. Ukame huongeza zaidi, maana mmea wenye kiu hutengeneza linamarini nyingi. Na ni wakati wa ukame ndipo watu wenye njaa hufupisha siku za kuloweka.

Matokeo yake yana jina: konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haifunguki tena maishani. Tanzania imeyaona haya Tarime mwaka 1985, na baadaye Mtwara na Mbinga. Waathirika wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hali ni ileile kila mara: muhogo mchungu, usindikaji wa haraka, na mlo usio na protini. Kabla ya kufika huko mwili huonya. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya kula bada ni dalili ya unga ule, na haifai kusingizia malaria bila kupima.

Njia ya kwanza ni kuloweka. Menya, kata, tumbukiza kwenye maji siku tatu au nne mpaka mzizi unakuwa laini ukiubinya kwa vidole, kisha uanike. Mzizi ukibaki mgumu, haujawa tayari, hata kama siku zimetimia.

Njia ya pili ni kwa unga ulioununua na hujui ulivyotengenezwa. Ilibuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kuanzia mwaka 2010 ilitumika katika kijiji cha Kay Kalenda, nchini Kongo, ambako visa vipya vya konzo vilikoma. Weka unga kwenye bakuli na utie alama kwa ndani mahali unga ulipofika. Mwaga maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika kwenye ile alama, acha. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Harufu kidogo ya sumu inayotoka ndiyo kazi yenyewe. Songa bada siku hiyohiyo, maana unga mbichi hauwekeki.

Ladha tamu ya mzizi haitoshi kuwa kipimo. Uchungu huashiria sumu, lakini kukosekana kwake si uthibitisho, hasa mwaka wa kiangazi.

“Akishiba ugali, yatosha”

Tuseme kuna mtoto wa miaka tisa Handeni, amegunduliwa mwezi uliopita, amekonda na damu iko chini. Nyumbani wako watano. Kosa la kwanza ni kumpikia peke yake. Nyumba yote ile ugali uleule, kwa sababu sufuria mbili na mwiko mmoja ni njia ya haraka ya kuchanganya, na mama hatachoka kwa wiki mbili akaacha.

Ugali wa nyumba uwe dona, sehemu mbili mahindi na sehemu moja mtama. Kwa watu watano, kilo moja na nusu kwa siku inatosha milo miwili, na debe litadumu kama siku 11. Asubuhi ni uji wa ulezi, gramu 60 hivi za unga kwa mtoto, yaani chini ya kilo mbili kwa mwezi. Ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zetu, na mifupa ya mwenye seliaki inaihitaji. Uji huo utiwe karanga za kusaga nyumbani. Mchana shuleni wakipika makande hakuna shida. Wakipika uji, mwalimu aulizwe kama unga una ngano, na siku hizo mtoto abebe kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Jioni ni ugali na kunde, mbaazi au dagaa, na mboga ya majani iliyokamuliwa limau au kuliwa pamoja na embe, kwa kuwa ukali huo wa matunda unausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Bada liwe mara mbili kwa wiki, kamwe si peke yake. Unga wa muhogo una protini chini ya gramu 2 katika gramu 100, mtama una kama 10. Protini ndiyo inayoupa mwili malighafi ya kuyeyusha masalia ya sianidi, kwa hiyo dagaa kando ya bada ni kinga, siyo kitoweo tu.

Kuna hila moja ya zamani inayomfaa mtoto asiye na hamu ya kula. Mwaka 1983 mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Mosha, pamoja na mwenzake Svanberg, walieleza jinsi kimea kinavyolainisha uji mzito, ili mtoto apate chakula kingi kwenye kikombe kidogo. Loweka mtama usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote. Anika ukauke kabisa, kisha usugue na kupepeta mpaka machipukizi na mizizi yote itoke. Hatua hii hairukwi: machipukizi ya mtama yana sianidi yake, kama muhogo. Saga. Pika uji mzito unaosimamisha mwiko, uepue, upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea. Utaona unalegea mbele ya macho, nao uurudishe jikoni uchemke tena kidogo kabla ya kumpa. Kimea cha dukani au kilichoandikwa kwenye kopo la kinywaji ni habari nyingine. Hicho kwa kawaida ni cha shayiri, na mtoto huyu haruhusiwi kukitumia.

“Lakini chapati hatakula tena”

Chapati ya ngano hapana. Gluteni ndiyo inayofanya donge livutike, na unga wa mtama ukikandwa kwa maji baridi utamomonyoka kama udongo wa kichuguu. Kinachoshika hapa ni wanga uliopikwa. Chukua kikombe kimoja cha unga wa mtama na nusu kikombe cha unga wa muhogo uliosindikwa vizuri. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi na kijiko cha mafuta, na yakiwa yanatokota yamwage juu ya unga huku unakoroga kwa mwiko. Funika dakika kumi. Kanda likiwa bado la moto kadiri mkono unavyovumilia, sukuma kati ya karatasi mbili za nailoni zilizopakwa mafuta, choma kwanza kwenye kikaango kikavu kisha tia mafuta. Haitakuwa na tabaka kama ya ngano, na iliwe ya moto, maana ikilala inakuwa ngumu. Vitumbua na mkate wa kumimina ni rahisi zaidi, kwani asili yake ni mchele, ila wapishi wa biashara wengine huongeza ngano ili viumuke, hivyo uliza kabla ya kununua. Na kama chapati ya mtama itapasuka pembeni unapoisukuma, maji yalikuwa ya moto tu, hayakuwa yanatokota.